Fomu inajifuta nikitoka kidogo tangu niwashe "Developer options": nimekosea swichi ipi?

Kidole_Tumbo:
Wakuu, salaam. Simu yangu ni Android 12, RAM GB 3. Nilifuata video ya "kuifanya simu iwe nyepesi". Nikaingia "About phone", nikabonyeza "Build number" mara 7, ikadai PIN, menyu ikafunguka. Humo ndani nikawasha na kubadili vitu kama kumi hivi kwa mkupuo, wala sikuandika popote vilikuwaje mwanzo.

Sasa nina kero tatu. Nikijaza fomu kisha nikatoka kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye meseji, nikirudi nakuta fomu tupu. Programu nazo zinaanza upya na nembo yake kila ninapohama kutoka moja kwenda nyingine. Na programu ya benki inagoma kabisa kufunguka. Je, nizime kila kitu, au kuna cha kuacha?

Mzee_wa_Logi:
Kidole, hizo kero tatu usizitie kapu moja, kila moja ina chanzo chake.

Nianze na fomu. Mtuhumiwa wa kwanza ni "Don't keep activities", iko sehemu ya Apps, karibu na mwisho kabisa wa menyu. Kwa kawaida ukitoka kwenye ukurasa wa programu, ukurasa ule haufi. Unawekwa pembeni kwenye kumbukumbu, na ukirudi unaukuta kama ulivyouacha. Swichi hii ikiwashwa, mfumo unauvunja ukurasa papo hapo ukishautoka, hata kama RAM ipo tele. Imewekwa kwa ajili ya waandishi wa programu, wapate kujua kama programu yao inakumbuka kuhifadhi kilichoandikwa pindi ukurasa unapovunjwa. Zilizoandikwa vizuri zinarudisha kila kitu na hutagundua lolote. Zilizoandikwa kwa haraka zinakurudisha mwanzo, na fomu za usajili mara nyingi ziko kundi hilo.

Kabla hujaizima, ipime, maana simu ya GB 3 inaweza kufanya hivyohivyo bila swichi yoyote. Fungua programu yenye ukurasa mrefu, shuka hadi katikati, bonyeza kitufe cha nyumbani, hesabu moja mbili, rudi. Ukurasa ukijijenga upya kila mara, na hukufungua kitu kingine, hiyo ni swichi. Ukibaki pale pale, na tatizo likaja tu baada ya kufungua kamera au mchezo mzito, hapo ni RAM imebana na swichi haihusiki.

Ukiwa na kompyuta yenye adb, ile programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, unaweza kuiuliza simu yenyewe:

```
adb shell settings get global always_finish_activities
```

Jibu likiwa 1 imewashwa. Likiwa 0 au null imezimwa.

Kidole_Tumbo:
Nimepima bila kompyuta. Inajijenga upya kila mara, hata nikitoka sekunde moja. Nimeenda chini nikaikuta imewashwa. Nimezima, nimerudia, ukurasa umebaki palepale. Asante sana mkuu. Bado la programu kuanza upya.

Bati_Bovu:
Hilo la kuanza upya usiliguse, hiyo ndiyo faida yenyewe! Utakuwa umeweka "Background process limit" kwenye "At most 2 processes" au "No background processes". Mimi huwaambia watu wenye simu za RAM ndogo waweke hivyo. Nenda ukaangalie "Running services", utaona RAM iliyo wazi imeongezeka. Ni kweli tupu.

Mzee_wa_Logi:
Bati, tarakimu ya RAM iliyo wazi inapanda kweli, hapo sibishi. Ila ukiuliza RAM hiyo inamfaidia nini mwenye simu, jibu linageuka.

Kikomo kile kinagusa zile programu zilizowekwa akiba, yaani ulizozitoka na hazifanyi kazi yoyote kwa wakati huo. Mfumo unaziacha kwenye kumbukumbu ili ukirudi ufungue upesi, na nafasi ikihitajika unazifukuza wenyewe, ukianzia na zile zisizotumika. Ukiweka kikomo cha 2, zinafukuzwa hata kama hakuna aliyehitaji nafasi. Matokeo yake ndiyo anayoyaona Kidole: kila akirudi, programu inasomwa upya kutoka kwenye hifadhi na kupangwa upya kwenye kumbukumbu, prosesa ikihangaika mwanzo mwisho. Kuzindua programu upya kunakula chaji kuliko kuiacha imekaa kimya. Kwa hiyo simu ya RAM ndogo inapata adhabu mara mbili: inachelewa, na betri inakwisha.

Jambo moja linalowachanganya watu ni kwamba kikomo hiki hakidumu. Ukizima simu na kuiwasha, kinarudi "Standard limit" chenyewe. Ndiyo maana mtu anasema "niliweka, simu ikawa nyepesi wiki nzima", kumbe simu iliwashwa upya siku ya pili yake na kikomo hakikuwepo tena. "Don't keep activities" yenyewe ni king'ang'anizi, inabaki hata baada ya kuwasha upya.

Bati_Bovu:
La kurudi lenyewe sikulijua. Lakini kuna muziki pia: nikiweka kikomo muziki hukatika. Hiyo si inaonyesha kinafanya kazi?

Mzee_wa_Logi:
Muziki unaopigwa huku taarifa yake ikionekana juu ya kioo hauhesabiwi kama akiba, hivyo kikomo kile hakipaswi kuugusa. Ukikatika, tazama kwanza mipangilio ya betri ya programu hiyo. Watengenezaji wengi wa simu wameweka kiokoa betri chao wenyewe, na hicho kinaua chochote bila kujali swichi za humu.

Shangazi_Kebo:
Kidole, wanangu hawa wamekujibu vizuri, ila wamepita kimya mahali pa hatari zaidi. "USB debugging" umeiwasha?

Kidole_Tumbo:
Ndiyo shangazi, video ilisema lazima. Na "OEM unlocking" pia nimeiwasha.

Shangazi_Kebo:
Basi zima zote mbili leo, kisha soma haya.

"USB debugging" inaipa kompyuta iliyounganishwa kwa waya mamlaka makubwa juu ya simu. Inaweza kusakinisha programu na kuziondoa, kupiga picha ya kioo, kunakili picha na faili zako, hata kuipa programu ruhusa ambazo wewe hukuzigusa. Kwa anayefanya kazi nayo ni chombo kizuri. Kwa asiye na kazi nayo ni mlango ulioachwa wazi bure.

Ulinzi upo. Tangu Android 4.2.2, kompyuta ngeni ikijaribu kuingia simu inaonyesha kidirisha chenye alama ya ufunguo wa kompyuta hiyo na kukuuliza kama unairuhusu. Lazima kioo kiwe kimefunguliwa ndipo ukubali. Kosa la watu liko kwenye kile kisanduku kidogo, "Always allow from this computer". Mtu anakibonyeza kwenye kompyuta ya ofisi au ya fundi ili asisumbuliwe, kisha anasahau. Kuanzia hapo kompyuta ile haimuulizi tena. Toka Android 11 ruhusa isiyotumika kwa siku 7 inakufa yenyewe, ila ipo swichi nyingine, "Disable adb authorization timeout", inayozima muda huo. Iache imezimwa.

Kama umewahi kubonyeza kisanduku kile na hukumbuki ni wapi, bonyeza "Revoke USB debugging authorizations". Inafuta kompyuta zote zilizowahi kukubaliwa. Ukiwa na yako halali utaikubali upya, ni sekunde tano tu.

"Wireless debugging" ni ndugu yake asiye na waya, na masharti ni yaleyale. Kuoanisha kunatumia namba ya tarakimu 6 au msimbo wa kuskani, kwa hiyo mtu hakuingilii hivihivi. Lakini usiiwashe kwenye Wi-Fi ya watu wengi, na ukimaliza uizime.

Nusu_Giga:
Samahani nadandia hapohapo. Kioo cha simu yangu kimekufa, kinaonyesha weusi tupu ila simu inalia. USB debugging sikuwahi kuiwasha. Naweza kuiwasha kwa kompyuta nikatoa picha?

Shangazi_Kebo:
Hapana, mwanangu. Kuiwasha kunahitaji kioo, na kuikubali kompyuta kunahitaji kioo pia. Ingekuwa ilishawashwa na kompyuta yako ilishakubaliwa zamani, ungekuwa na njia. Kwako jaribu kwanza njia ya maunzi: kama simu yako inatoa picha kupitia tundu lake la chaji, unganisha adapta ya kwenda kwenye skrini ya nje pamoja na kipanya, uone kama picha inatokea, kisha uifungue kwa kipanya. Si simu zote zinatoa picha hivyo. Kama yako haitoi, ni kubadilisha kioo.

Na asije mtu akakwambia OEM unlocking itakusaidia. Hiyo ni kinyume kabisa cha unachotaka.

Kidole_Tumbo:
Kwani yenyewe inafanya nini? Video ilisema inafungua nguvu ya simu.

Shangazi_Kebo:
Haifungui nguvu yoyote. Simu ina kufuli linalohakikisha kwamba ikiwaka inawaka na mfumo wa mtengenezaji tu. "OEM unlocking" inatoa idhini ya kulifungua kufuli hilo baadaye, kwa amri nyingine kabisa. Swichi peke yake haifungui kitu na haifuti kitu. Anayeendelea hadi kulifungua kufuli lenyewe ndiye simu yake inafutwa yote, picha na meseji, na programu nyingi za fedha zitamkataa kwa sababu simu haiwezi tena kuthibitisha kuwa mfumo haujachezewa.

Kwa hiyo kama huna mpango wa kubadilisha mfumo wa simu, iache imezimwa. Ila nisikike vizuri hapa: anayesoma uzi huu na kufuli lake limeshafunguliwa asikimbilie kuizima. Ukiizima wakati simu ina mfumo usio wa mtengenezaji, halafu simu ikagoma kuwaka, unaweza kukosa njia ya kuirudisha. Ushauri wa kuzima ni wa Kidole, ambaye aliiwasha tu na kuishia hapo.

Kaka_Piksel:
Mbona mnamtisha? Kuna vingi vizuri humo. Animesheni ndiyo ya kwanza. Zipo tatu: "Window animation scale", "Transition animation scale" na "Animator duration scale", zote zinakuja 1x. Weka 0.5x zote tatu. Kama mwendo wa kufungua dirisha umepangwa milisekunde 300, sasa unachukua 150. Kasi ya kusoma programu haibadiliki hata chembe, ila ule muda wa kungoja kioo kiache kuteleza unapungua nusu, na kwenye simu nzito unauhisi mkononi.

Usiweke "off" bila kujua matokeo yake. "Animator duration scale" ikizimwa, baadhi ya programu zinakuonyesha kile kiduara cha kusubiri kikiwa kimesimama tuli, nawe unadhani imeganda kumbe inafanya kazi.

Mzee_wa_Logi:
Naungana na Piksel. Na kwa asiyetaka kabisa kufungua menyu hii, kwenye "Accessibility" ipo "Remove animations". Ile inazishusha zote tatu hadi sifuri, bila nusu, lakini haihitaji kuwa na Developer options.

Bati_Bovu:
Na "Force 4x MSAA"? Michezo inakuwa laini sana.

Kaka_Piksel:
Kingo za picha zinakuwa laini, mchezo hauwi mwepesi. Ni vitu viwili tofauti. Chipu ya picha inafanya kazi zaidi kwa kila fremu, na swichi yenyewe inahusu michezo ya OpenGL ES 2.0. Kwenye simu ya Kidole itapata joto, kisha prosesa ijipunguzie kasi ili ipoe, na mchezo uanze kukwama. "Disable HW overlays" ni hadithi hiyohiyo: unailazimisha chipu hiyo ya picha iunganishe kila kitu kinachoonekana, kazi ambayo kuna sehemu nyingine ya chipu inaifanya kwa umeme kidogo.

Ninayoipenda mimi ni "Pointer location". Inachora mstari kila kidole kinapopita na kuandika namba za mahali kilipo juu ya kioo. Unashuku kuna sehemu ya kioo haisikii? Iwashe, buruta kidole polepole kutoka ukingo hadi ukingo, juu hadi chini, kama unalima. Mstari ukikatika mahali palepale kila mara, mguso wa hapo umekufa. Mistari ikijichora wakati hujagusa, ndiyo ile miguso ya mazimwi, na mara nyingi chaja mbovu inaisababisha. Chomoa chaja urudie kabla hujalipia kioo. Ukinunua simu iliyotumika, kipimo hiki ni cha dakika moja.

Nusu_Giga:
"Smallest width" je? Wanasema inafanya kioo kionekane kikubwa.

Kaka_Piksel:
Inafanya maandishi na vitufe kuwa vidogo, ndiyo maana vinaenea vingi zaidi. Namba utakayoikuta pale imetokana na upana wa kioo. Kioo cha pikseli 1080 chenye msongamano wa 480 kinakupa 1080 × 160 ÷ 480, yaani 360. Ukiandika 411 vitu vinasinyaa kiasi cha kupendeza. Ukiteleza kidole ukaandika 4110, utahitaji kioo cha kukuzia kutafuta njia ya kurudi. Andika namba ya mwanzo kwenye karatasi kabla hujaigusa, isiwe kwenye simu hiyohiyo. Mwenye adb anarudisha hivi:

```
adb shell wm density reset
```

Duma_Mzembe:
Mimi naona "Mobile data always active" mngeitaja. Izimeni, betri inakaa.

Mzee_wa_Logi:
Hiyo inaacha data ya laini ikiwa tayari hata ukiwa kwenye Wi-Fi, ili Wi-Fi ikikatika usisubiri kuunganishwa. Ukiizima unapunguza kazi ya redio, ni kweli. Gharama yake ni kuchelewa kidogo unapotoka nje ya Wi-Fi, na simu ya mtandaoni inaweza kukatika hapo. Kwa anayekaa ndani siku nzima ni sawa kuizima.

Duma_Mzembe:
Mimi nimezima na naona tofauti kubwa.

Kaka_Piksel:
Mimi sioni yoyote. Nadhani inategemea nguvu ya mtandao mahali mtu alipo. Penye mnara hafifu redio inahangaika, palipo vizuri inatulia.

Shangazi_Kebo:
Tumrudie mwenye uzi, benki bado.

Kidole, programu yoyote inaweza kuuliza mfumo mambo mawili: je, Developer options imewashwa, na je, USB debugging imewashwa. Nyingine zinakataa kwa la pili tu, nyingine kwa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo panda kwa hatua. Kwanza zima USB debugging, ilazimishe programu ya benki isimame kwa "Force stop", kisha uifungue. Ikikataa, panda juu kabisa ya menyu, uzime swichi kuu ya "Developer options", ujaribu tena. Hutapoteza picha wala faili kwa kuizima. Ukiihitaji tena, unaiwasha palepale, au ikiwa menyu imejificha unarudia zile mara 7.

Ila ujue kwamba swichi kuu ikizimwa, Android ya kawaida inarudisha karibu kila kitu cha humo kwenye hali yake ya mwanzo, animesheni zikiwemo. Ukitaka 0.5x na benki kwa pamoja, huenda usivipate. Na baadhi ya watengenezaji wanaacha thamani za zamani zikiwa zimefichwa, kwa hiyo usiamini tu. Kabla ya kuzima swichi kuu, rudisha kwa mkono yale mawili yaliyokusumbua.

Kidole_Tumbo:
Nimefanya kwa mpangilio huo. Nimezima USB debugging na OEM unlocking, nikafuta ruhusa za kompyuta, nikaweka kikomo "Standard limit", animesheni 0.5x. Programu hazianzi upya tena. Benki ikakataa. Nikazima swichi kuu, "Force stop", nikafungua: bado inakataa, na haisemi sababu.

Mzee_wa_Logi:
Kabla ya kuzima swichi kuu ulipitia "Select mock location app"? Kama video ilikuchagulia programu ya kudanganya mahali ulipo, baadhi ya programu za benki zinakataa kwa hilo pia. Ionyeshe kwamba hakuna programu iliyochaguliwa, na programu yenyewe iondoe.

Kidole_Tumbo:
Hakuna iliyochaguliwa, nilitazama.

Shangazi_Kebo:
Basi ingia "Accessibility" utazame ni programu zipi zimepewa ruhusa ya kusoma kioo. Zile za "kusafisha simu" huiomba, na benki nyingi haziipendi. Hiyo video haikukuambia usakinishe kisafishaji?

Kidole_Tumbo:
Ilisema... ngoja nikaangalie.